Amani, Kwetu, Kilimani, Rilazo, Nanga au Kipepeo? Ulinganisho wa majina ya nyumba

Jina la nyumba huchaguliwa ndani, watu wakiwa wametulia, likiwa limeandikwa kwa herufi nzuri kwenye karatasi. Likishachaguliwa, halikai tena kwenye karatasi. Linahamia kwenye simu ya bodaboda aliyesimama kando ya barabara, helmeti kichwani na injini ikinguruma, anayejaribu kurudia neno alilolisikia mara moja tu. Linahamia pia kwa mgeni anayemwuliza mpita njia, na kwa mpita njia anayemwuliza mwenzake. Kwa hiyo ninapolinganisha majina, sianzi na uzuri wala maana yake. Naanza na sentensi moja ambayo kila jina la nyumba litalazimika kuishi ndani yake: "Nimefika …, mbona siwaoni?"

Tuchukue boma moja la kulinganishia. Lina nyumba tatu ndani ya uzio mmoja, liko kwenye mwinuko mdogo, na geti lake ni la pili baada ya kona, lenye rangi ya buluu. Familia imeleta majina sita mezani: Amani, Kwetu, Kilimani, Rilazo, Nanga na Kipepeo. Rilazo limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya watoto watatu. Yote sita yanapendeza, na kila moja lina mtu ndani ya familia anayelitetea. Tutayaweka mawili mawili, kwa sababu kasoro ya jina huonekana vizuri zaidi likisimama karibu na lingine.

Amani na Kwetu

Majina haya mawili yana nguvu moja: kila msikilizaji anayajua, kwa hiyo hakuna atakayeuliza yanaandikwaje. Hata hivyo yanashindwa kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo inafaa kueleweka vizuri.

Amani linashindwa kwa sababu ni la wengi. Majina ya heri kama Amani, Baraka, Neema, Faraja na Upendo hupewa maduka, shule, nyumba za ibada, nyumba za kupanga na watu wenyewe. Mtu anayeliandika kwenye ramani ya simu ataletewa kwanza mahali panapotafutwa na wengi, na nyumba ya familia haitakuwa mahali hapo. Hata asipotumia ramani, mtu anayeulizwa njiani ataelekeza kwa uhakika kabisa, lakini kwenye Amani anayoijua yeye. Hili ndilo kosa baya kuliko mengine, kwa maana halina dalili. Bodaboda aliyepotea huuliza, ila yule anayeamini kwamba amefika hushusha mzigo na kuondoka.

Kwetu lina tatizo jingine, nalo ni la sarufi. Neno hili lina kazi yake ya kila siku katika lugha, na linapowekwa ndani ya sentensi hurudi kwenye kazi hiyo. "Lete mzigo Kwetu" haitofautiani kwa sikio na "lete mzigo kwetu", na msikilizaji atajibu, kwa haki kabisa, "Kwenu wapi?" Nyumbani lina kasoro hiyohiyo. Karibu ni baya zaidi, pamoja na kwamba ni jina zuri sana kulisoma getini. Bodaboda akisema "Niko karibu", mwenye nyumba hawezi kujua kama amesimama mbele ya geti au bado yumo njiani. Tulia nalo litasikika kama anaambiwa asiwe na haraka. Majina ya namna hii hayasikiki vibaya, bali yanasikika vizuri mno kama kitu kingine, na ndiyo maana kuyatamka polepole au kwa sauti ya juu hakusaidii.

Kati ya mawili hayo, ningemshauri mwenye nyumba aliyeko mahali pasipo na Amani nyingine hata moja achukue Amani. Kwetu nisingelichagua mahali popote.

Kilimani na Geti la Buluu

Jina linaloeleza mahali lina mvuto wa haki, kwa kuwa linaonekana kumpa mgeni msaada kabla hajafika. Anayesikia Kilimani atatazama juu. Shida imo katika kiambishi -ni. Kiswahili hukitumia kuonyesha mahali, na mitaa mingi mno imepewa majina kwa njia hiyo: Kilimani, Mtoni, Mwembeni, Bondeni. Msikilizaji akisikia jina lenye -ni hulichukua kuwa la eneo, kisha husubiri kuambiwa nyumba gani ndani ya eneo hilo. Ndiyo sababu mazungumzo huenda hivi: "Nimefika Kilimani." "Basi piga hodi." "Kwenye nyumba ipi?" Kila mmoja anasema kweli, na mzigo bado haujafika. Isitoshe, kama mwinuko huo una nyumba nyingine nane, zote ziko kilimani.

Familia ingeweza kusema: basi tuliite boma kwa kile kinachoonekana, yaani Geti la Buluu. Ninakubali kwamba maelezo ya aina hii ni bora kuliko jina lolote kwa mtu aliyekwisha kufika umbali wa mita 50. Macho yake yatamaliza kazi. Hata hivyo maelezo hayo hutegemea kitu kinachobadilika. Rangi hupauka, geti hupakwa upya, na jirani anaweza kuipenda rangi ileile mwaka ujao. Zaidi ya hayo, maelezo hayakai kinywani kama jina. Mmoja atasema "geti la buluu", mwingine "mlango wa bluu", wa tatu "pale kwenye uzio wa buluu". Baada ya kupokezana watu watatu, hakuna anayejua tena kama kilichokuwa na rangi ni geti, mlango au ukuta.

Ninachoshauri ni kutenganisha kazi hizo mbili. Maelezo yabaki kuwa maelezo, yaje baada ya jina, na yabadilishwe geti linapobadilika. Jina lenyewe lisitegemee rangi wala umbo la kitu chochote kinachoweza kubomolewa.

Hapa pana jina la saba ambalo halikuletwa mezani lakini lipo daima, nalo ni "kwa fulani", yaani jina la mwenye boma. Pale ambapo majirani wanamfahamu mwenye nyumba, hakuna jina litakalolishinda, kwa sababu mtu yeyote aliyekaa kando ya barabara anaweza kulijibu. Mipaka yake huonekana ndugu wawili wa ukoo mmoja wanapoishi mtaa mmoja, au majirani wa zamani wanapohama. Pia huwekwa getini kwa gharama ambayo familia nyingi hazikuifikiria: kila anayepita anajua nani anaishi hapo. Ningeacha majirani waendelee kusema "kwa fulani" bila kuwazuia, lakini kibao kisilirudie.

Rilazo: jina ambalo halipo popote pengine

Rilazo lina sifa moja kubwa ambayo Amani halina, kwamba ukilitafuta hutapata nyumba nyingine. Watetezi wa majina ya kuundwa hutaja sifa hiyo, nao wanasema kweli. Lakini upekee huo ndio unaolinyima msaada njiani.

Sikio la mwanadamu halisikii herufi moja moja na kuziunganisha. Hupokea sauti zilizopungua, kisha hutafuta katika maneno linayoyajua lile linalokaribiana nazo zaidi. Neno linalofahamika hujirekebisha lenyewe, kwa kuwa mtu akisikia sehemu tatu tu kati ya nne bado atalifikia. Neno la kuundwa halina pa kurekebishwa. Likipungua sauti moja limebadilika kuwa jina jingine, na msikilizaji hana njia ya kugundua.

Tuhesabu kwa Rilazo. Wasemaji wengi wa Kiswahili wana lugha za kwanza zisizotenganisha r na l, na jina hili lina sauti hizo mbili katika silabi mbili zinazofuatana. Hapo tayari kuna matokeo manne: Rilazo, Lilazo, Rirazo na Lirazo. Z na s nazo hubadilishana vinywani mwa baadhi ya wasemaji, na simu haitawasaidia, hivyo manne yanakuwa manane. Kila moja kati ya hayo manane ni jina linalowezekana, na hakuna hata moja ambalo msikilizaji angesema, "Hapana, hilo si neno, atakuwa alimaanisha lile." Akienda kuliandika ili alitafute, ana nafasi ya kulikosea kwenye herufi ya kwanza kabisa, na kosa la herufi ya kwanza ndilo gumu zaidi kwa utafutaji wa simu kulisahihisha.

Simu ina mchango wake katika hili. Mfumo wa kawaida wa simu tangu zamani umepitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, wakati sehemu kubwa ya mvumo wa s iko juu ya hezi 4,000. Kinachobaki cha s kinafanana sana na f na th. Kwa sababu hiyo Fahari inaweza kufika kama "Sahari". M na n nazo hukaribiana, na Neema ikafika kama "Mema". Simu za siku hizi hupitisha masafa mapana zaidi mtandao ukiwa mzuri, ila bodaboda yuko barabarani, na upepo unaingia kwenye kipaza sauti. Ongeza hapo tofauti za matamshi ambazo hazitokani na simu hata kidogo: Heri husemwa "Eri" na wengi, Fadhila husemwa "Fazila", na Thamani husemwa "Samani". Mfano huo wa mwisho unanigusa zaidi, kwa sababu nyumba iliyoitwa kwa kuthaminiwa inaishia kudhaniwa duka la meza na vitanda.

Waongozaji wa ndege walikutana na tatizo hilihili kwenye redio. Orodha yao ya maneno ya kutajia herufi, ile inayoanza na Alfa na Bravo, ilipoanza kutumika mwaka 1951 ilikuwa na maneno ambayo baadaye yalionekana kuchanganyika hewani: Nectar ilisikika kama Victor, na Delta ikachanganywa na Extra. Mwaka 1956 maneno matano yalibadilishwa, na Nectar ikaipisha November. Kila neno peke yake lilikuwa halina kosa, lakini ndani ya orodha lilikuwa na mwenzake aliyefanana naye mno. Tazama pia jinsi Alfa inavyoandikwa, kwa f na si kwa ph, ili msomaji wa lugha yoyote aitamke sawa. Kiswahili kimetupa faida hiyo bila jasho, kwa kuwa sauti moja ina namna moja ya kuandikwa, na ni huzuni kuona familia inaitupa kwa kuandika Amany au Karibou. Mtu aliyelisikia jina kwa Kiswahili ataliandika kwa Kiswahili.

Nanga na Kipepeo

Sasa tumebakiwa na mawili yaliyo bora, na hapa uamuzi unahitaji uangalifu zaidi.

Nanga na Kipepeo yanafanana katika jambo ambalo manne yaliyotangulia yamelikosa. Ni maneno yanayofahamika, lakini hayatarajiwi kabisa ndani ya sentensi ya kuelekeza njia. Kwetu linafahamika na linatarajiwa, kwa hiyo linazama ndani ya sentensi. Rilazo halitarajiwi na wala halifahamiki, kwa hiyo halishikiki. Mtu anayeambiwa "Lete mzigo Kipepeo" husita kidogo, anatambua kwamba hilo lazima liwe jina, na wakati huohuo ana picha yake kichwani. Hivyo ndivyo jina linavyokaa hadi kesho yake. Kigezo hiki ndicho ningekishika kuliko vingine vyote kama ningeruhusiwa kimoja tu: neno ambalo kila mtu analijua, lililowekwa mahali ambapo hakuna aliyelitegemea.

Tofauti ya Nanga na Kipepeo iko kwa majirani zao wa kisauti. Badilisha sauti ya mwanzo ya Nanga, nawe utapata kanga, panga, janga, changa. Iondoe kabisa, utapata anga. Yote ni maneno halali, kwa hiyo lile sikio linalosahihisha kwa kutafuta neno linalofahamika litasahihisha kuelekea pabaya, na litafanya hivyo kwa kujiamini. Nanga ina silabi mbili tu, na sauti yake ya kwanza, ambayo ni dhaifu kwenye simu, ndiyo inayoitenganisha na wenzake wote. Mlio mmoja wa honi unatosha kuifunika.

Kipepeo lina silabi nne. Badilisha konsonanti yoyote moja ndani yake na hutapata neno jingine la Kiswahili linalofahamika, isipokuwa wingi wake, vipepeo, basi sikio halina pa kwenda ila kurudi kwenye Kipepeo. Halina r wala l, halina h, dh, th wala gh, na halina s inayoweza kugeuka f. Irabu zake tatu za mwisho, e, e na o, hubeba jina hata pale konsonanti zinapopotea kwenye upepo, kwa kuwa irabu ndizo zenye nguvu zaidi katika usemi. Mkazo unaangukia kwenye -pe- ya pili, kama ilivyo kawaida ya lugha, na hakuna msemaji atakayeukosea.

Sisemi kwamba halina kasoro. Silabi ya kwanza ikimezwa, linafika kama "pepeo", ambalo nalo ni neno, ingawa halisikiki sana siku hizi. Msikilizaji mzembe anaweza pia kulikumbuka kama "Upepo", kwa hiyo kama jirani ana nyumba ya kupanga yenye jina hilo, Kipepeo halifai hapo, hata liwe zuri kiasi gani. Halifai pia pale ambapo tayari kuna shule ya watoto yenye jina la Kipepeo, jambo ambalo ni rahisi kutokea. Aliyeipenda namna hii ya jina bado ana maneno mengi ya kuchagua, kama Kinyonga, Kifaru au Jahazi, mradi kila moja lipimwe upya kwa vigezo vilevile. Jahazi, kwa mfano, lina h katikati, na anayeiacha atasema "Jaazi". Hilo linavumilika, kwa kuwa neno linabaki linatambulika. Kinyonga lina silabi tatu tu na linasikika vizuri, ila wapo wanaolisikia kama kitu cha kunyonga, na mzee mmoja katika familia akilikataa kwa sababu hiyo ningemsikiliza.

Kwa boma hili la mfano ningechagua Kipepeo. Nanga lingekuwa la pili, na Amani la tatu, kwa sharti nililolitaja.

Jinsi ya kulipima kabla ya kulichonga

Hakuna familia inayopaswa kuamini hoja zangu bila kujaribu, na jaribio lenyewe linachukua siku mbili tu. Tafuta mtu asiyejua kwamba mnachagua jina. Msimame kando ya barabara yenye magari, mpigie simu, na useme mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida: "Ukija, uliza Kipepeo, geti la pili baada ya kona." Usilitaje herufi kwa herufi. Mwombe aliandike na akutumie. Kesho yake mwombe amwelekeze mtu wa pili kwa kinywa, naye mtu huyo akutumie alichokisikia. Fanya hivyo kwa kila jina mkitumia watu tofauti, kwa sababu aliyekwisha kusikia jina moja atakuwa anasubiri la pili.

Thamani ya jaribio haimo katika kuhesabu waliopatia, maana watu wachache hawatoi hesabu ya kuaminika. Imo katika aina ya makosa. Mtu akirudisha neno lisilo na maana, kama "Lirazo", tatizo ni kwamba jina halina pa kurekebishwa, na mwingine pia atakosea, ingawa kwa namna yake. Akirudisha neno jingine halali, kama "Panga", jina lina jirani wa kisauti, na kosa hilo litajirudia kwa wengi. Akiuliza "Kwenu wapi?" au "Nyumba ipi hapo Kilimani?", amesikia kila sauti sawasawa, na tatizo ni la maana, hivyo hakuna kibao wala kipaza sauti kitakachoondoa. Na akisahau kabisa kesho yake, jina halikumpa picha yoyote ya kushika.

Angalia pia kama amelifupisha. Jina kama Makazi ya Matumaini Mema litarudi kama "Matumaini" baada ya mtu wa kwanza, na hilo ndilo litakuwa jina halisi, iwe familia inapenda au haipendi. Kwa hiyo pimeni kile kinachobaki baada ya kufupishwa. Kama kinachobaki ni Matumaini, basi mmechagua jina la jamii ya Amani, na matatizo yake mnayajua.

Kabla ya kufunga uamuzi, andikeni jina kwenye ramani ya simu mkiwa nyumbani, muone linawapeleka wapi, halafu mwulize mtu anayekaa kwenye kona ya barabara kama analijua jina hilo mahali popote. Ramani inajua maduka, lakini mtu wa kwenye kona anajua yale ambayo hayajaandikwa.

Nyumba tatu ndani ya geti moja

Boma letu lina nyumba tatu, na mzigo ukishafika getini bado una safari fupi. Familia nyingi hutamani kuipa kila nyumba jina lake, na matokeo yake ni majina manne ya kukumbukwa badala ya moja. Ningeliacha geti lishike jina, na nyumba zishike tarakimu: Kipepeo Moja, Kipepeo Mbili, Kipepeo Tatu. Tarakimu hizo tatu zinasikika tofauti kabisa. Hatari huanza zinapoongezeka, kwa kuwa tatu na tano zina mwanzo mmoja, na sita na tisa zina irabu zilezile, s na t zikiwa zimebadilishana nafasi tu. Boma lenye nyumba tisa lisiite nyumba mbili Sita na Tisa. Heri liruke mojawapo.

Mbele na Nyuma, au Kushoto na Kulia, yanaonekana rahisi lakini yanategemea aliposimama msemaji. Aliye ndani anatazama geti, na anayekuja anatazama nyumba, kwa hiyo kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine.

Kibao na ramani

Jina fupi hulipa pia kwenye kibao. Herufi zenye urefu wa sentimita 10 zinasomeka bila taabu na mtu aliye umbali wa mita 30, akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Kwa kimo hicho, Kipepeo linahitaji takriban sentimita 60 za upana, ambazo zinatosha kwenye nguzo ya geti. Makazi ya Matumaini Mema lingehitaji karibu mita 2, na fundi atapunguza herufi ili litoshe, kisha halitasomeka mpaka mtu awe amelipita. Jina la kitu chenye umbo lina faida nyingine hapa, kwamba linachoreka. Umbo la kipepeo lililokatwa kwenye bati na kupachikwa getini linatambulika na mtu asiyejua kusoma, na linamthibitishia aliyesikia jina vibaya kwamba amefika.

Jina halichukui nafasi ya alama ya mahali inayotumwa kwa simu, wala alama haichukui nafasi ya jina. Alama humfikisha mtu karibu, wakati mwingine ikamweka upande wa pili wa uzio, na jina ndilo linalomwambia geti gani. Msimbo wa Plus Code wa herufi na tarakimu kumi hutaja eneo la takriban mita 14 kwa 14, na hauna irabu hata moja, hivyo haujawahi kutamkika. Ni wa kunakili na kubandika kwenye ujumbe, chini ya jina. Anayependa jina lionekane kwenye ramani ya OpenStreetMap huliandika kwenye jengo lake kwa lebo hii, akiacha majina ya watu wanaoishi humo:

```
addr:housename=Kipepeo
```

Ujumbe wa kumtumia bodaboda basi unakuwa na mambo matatu kwa mpangilio huu: jina kwanza, maelezo ya geti baadaye, na msimbo mwishoni. "Kipepeo Mbili, geti la buluu, la pili baada ya kona", kisha msimbo kwenye mstari wake. Geti likipakwa rangi ya kijani mwakani, ni neno moja tu la ujumbe huo litakalobadilika.